Sura ya 6: Mechi ya Saa Kumi na Mbili Jioni

Kwa mashabiki wa Kiseke, kata ya Manispaa ya Ilemela jijini Mwanza, mechi inayosumbua macho kuliko zote ni ile inayoanza saa kumi na mbili jioni. Timu zinazocheza hazihusiki. Kinachosumbua ni jua. Mwanza iko magharibi sana ndani ya ukanda wa saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo jua lake huchelewa kuzama kwa karibu dakika 25 likilinganishwa na la Dar es Salaam. Mwaka mzima hupotelea upande wa ziwa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi. Mpira ukianza saa kumi na mbili kamili, kipindi cha kwanza huchezwa mlango ukiwa wazi na mwanga wa jioni ukijaa sebuleni. Mwamuzi anapopuliza filimbi ya mapumziko, giza linaanza kuingia. Kipindi cha pili kinatazamwa usiku, na macho ya watazamaji si yale ya kipindi cha kwanza.

Mechi za namna hiyo ni nyingi. Michezo ya Jumamosi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza saa tisa alasiri kwa saa za London huangukia saa kumi na mbili jioni Tanzania tangu mwishoni mwa Oktoba hadi mwishoni mwa Machi, kabla Waingereza hawajasogeza saa zao mbele. Baadhi ya mechi za Ligi Kuu ya Tanzania nazo huwekwa jioni hiyohiyo. Basi sura hii itachukua jioni moja ya aina hiyo: sebule ya kawaida Kiseke, runinga ya inchi 43 juu ya meza, king'amuzi pembeni, sabufa chini, na marafiki saba au wanane waliopangana kwenye makochi na viti vya plastiki.

Shida ya kwanza hujitokeza dakika za mwanzo. Kipa anapiga mpira mrefu, kamera inageuka kuufuata, na mistari ya uwanja inaonekana kurukaruka. Mpira wenyewe unatoweka kidogo kisha unaibukia mbele. Mmoja wa waliokaa anauliza, "Kaka, hiyo runinga imechoka?" Mwenye nyumba anachukua rimoti, anaingia kwenye mpangilio wa picha na kuchagua `Sports`, kwa kuwa jina lenyewe linaahidi michezo. Nyasi zinageuka kijani cha kuwaka, jezi nyeupe zinapata rangi ya bluu kwa mbali, na mistari bado inarukaruka. Ametafuta dawa mahali pasipo na ugonjwa. Kurukaruka huko mara nyingi hakuanzii kwenye runinga. Kunaanzia kwenye king'amuzi.

Hapo inabidi kueleza namna mpira unavyorushwa. Umeme wa gridi ya Tanzania, sawa na ule wa Ulaya na wa sehemu kubwa ya Afrika, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na matangazo ya televisheni ya nchi hizi yalijengwa juu ya hesabu hiyohiyo tangu enzi za analojia. Wamarekani, ambao umeme wao huenda mara 60, walijenga ya kwao juu ya 60. Hadi leo chaneli za michezo zinazoingia Mwanza kwa dishi hubeba matukio 50 ya mwendo katika kila sekunde. Sasa chukua king'amuzi ambacho mpangilio wake wa kutoa picha umewekwa `60Hz`, iwe ni kwa kiwanda, kwa fundi au kwa mtoto aliyekuwa anachezea rimoti. Kinapokea picha 50, kinatakiwa kutoa 60. Kumi zilizopungua kinazipata kwa kurudia: baada ya kila picha tano, moja inaonyeshwa mara mbili. Mchezaji akiwa amesimama, marudio hayo hayaonekani. Kamera ikianza kugeuka, kila rudio ni kasimamo kadogo, mara kumi kwa sekunde, kwa mpigo ule ule bila kukosea.

Mpigo huo ndio alama yake. Atakayetaka kuhakikisha asitazame wachezaji. Akazie macho mstari wa eneo la hatari au mabango ya pembeni wakati kamera inasafiri taratibu kutoka goli moja kwenda jingine. Mstari ukikwama kwa mdundo usiobadilika, tatizo ni 50 kugeuzwa 60. Ukiteleza vizuri lakini ukawa na ukungu, hilo ni jambo jingine, nalo zamu yake itafika.

Tiba yake ni ya dakika moja na haina gharama. Fungua menyu ya king'amuzi, si ya runinga, tafuta sehemu ya picha au ya `HDMI`, kisha chagua `1080i 50Hz` au `1080p 50Hz`. Skrini itazima kidogo na kurudi. Karibu kila runinga inayouzwa Tanzania hupokea 50 bila shida, na kioo chake hujiweka chenyewe kwenye mwendo huo. Wanaotazama kupitia kisanduku cha Android au programu ndani ya runinga wana kazi ya ziada, kwa maana visanduku vingi hutoka kiwandani vikiwa kwenye 60 na hubaki huko hata programu inapoleta mpira wa 50. Humo pia mpangilio wa onyesho huwa na chaguo la 50, na unafaa kubadilishwa kabla ya mechi, kwa sababu hakuna rafiki atakayevumilia skrini nyeusi wakati wa kona.

Kuchagua kati ya `1080i` na `1080p` kunahitaji jicho. Herufi `i` ina maana kwamba kila tukio la mwendo limebeba nusu tu ya mistari ya picha: kwanza mistari witiri, halafu shufwa, zikibadilishana mara 50 kwa sekunde. Lazima kifaa kimoja, king'amuzi au runinga, kiunganishe nusu hizo. Kikifanya vibaya, miguu ya mchezaji anayekimbia huota meno kama ya kitana pembeni. Ukiyaona meno hayo, mpe mwingine kazi: kama king'amuzi kilikuwa kwenye `1080i`, kiweke `1080p 50Hz` ili kiunganishe chenyewe, au kinyume chake. King'amuzi cha zamani kisicho na `1080p` kinaweza kuwekwa `720p 50Hz`. Picha inapoteza ukali kidogo, lakini mwendo unatulia, na kwenye mpira mwendo uliotulia una thamani kubwa kuliko uwezo wa kuhesabu nywele za kocha.

Yote hayo yanadhani kwamba king'amuzi kimeungwa kwa waya wa HDMI. Nyumba nyingi bado zinatumia zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu, kwa vile ndizo fundi alizichomeka siku ya kufunga dishi. Waya ya njano haiwezi kupitisha picha ya HD hata kama chaneli ni ya HD. Inapitisha mistari 576, na rangi zake huvujiana pembeni. Kwa nini hilo linaumiza mpira kuliko taarifa ya habari? Jibu lake liko kwenye hesabu ya mpira wenyewe.

Kamera kuu inapoonyesha uwanja kwa upana, tuseme inameza mita 50 kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine. Picha ya HD ina nukta 1,920 kwa upana, hivyo kila nukta inabeba takriban sentimita 2.6 za uwanja. Mpira una kipenyo cha sentimita 22. Kwenye skrini unapata nukta nane tu. Katika runinga ya inchi 43, nukta hizo nane ni milimita nne: hicho ndicho kitu ambacho watu wanane wanakifuata kwa macho kwa dakika 90. Waya ya njano hukipunguza zaidi, kikawa na nukta tatu hivi zilizochanganyika na kijani cha nyasi.

Hesabu hiyohiyo inafungua suala la mwendo. Shuti la kilomita 90 kwa saa linasafiri mita 25 kwa sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata, yaani sehemu moja ya hamsini ya sekunde, mpira umesogea nusu mita, sawa na nukta 19. Umeruka zaidi ya mara mbili ya unene wake. Pale ulipokuwa na pale ulipo sasa havigusani hata kidogo.

Ndani ya menyu za runinga kuna kipengele ambacho kila kampuni imekipa jina lake. LG wanakiita `TruMotion`. Samsung walikiita `Auto Motion Plus`, siku hizi wanakiweka chini ya `Picture Clarity Settings`. Sony wana `Motionflow`. Kazi yake ni kubuni picha za katikati ili mwendo ulainike: runinga inalinganisha picha mbili zinazofuatana, inakisia kila kitu kimeelekea wapi, kisha inachora hatua ambayo kamera haikuipiga. Kwa mchezaji anayekimbia, makisio hayo ni rahisi, maana mwili wake ni mkubwa na katika picha ya pili bado umeifunika sehemu kubwa ya pale ulipokuwa. Kwa mpira wa nukta nane ulioruka nukta 19, runinga haina pa kushika. Wakati mwingine inachora mipira miwili. Wakati mwingine inaufuta kabisa na kujaza nyasi. Mara nyingi inauvisha mkia. Mpira ukipita mbele ya watazamaji wa jukwaani, au mbele ya wavu, hali huwa mbaya zaidi, kwani nyuma yake pamejaa vitu vidogo vinavyofanana.

Dalili za kulainisha kupita kiasi hazifanani na zile za 60. Hazina mdundo. Hutokea pale tu penye kitu chenye kasi: duara la ukungu kuzunguka kichwa cha winga, mguu unaoyeyuka wakati wa kupiga, mpira unaopotea kwenye krosi na kutokea kichwani mwa mshambuliaji. Njia nzuri ya kupima ni marudio ya goli kwa kamera ya nyuma ya wavu. Nyuzi zikitetemeka na kuyeyuka mpira unapozipita, punguza.

Mipangilio hii huwa na vitelezi viwili, na kuvitofautisha ndio ujuzi wenyewe. Kimoja hushughulikia kukwamakwama, kwa LG ni `De-Judder`, kwa Samsung `Judder Reduction`. Kilitengenezwa kwa ajili ya filamu za picha 24 kwa sekunde, na mpira wa picha 50 haukihitaji. Kiache sifuri, au kisivuke 2. Cha pili hushughulikia ukungu, `De-Blur` au `Blur Reduction`, na hicho ndicho kinachosaidia soka. Kwenye runinga ambayo kioo chake kweli hufikia picha 100 au 120 kwa sekunde, unaweza kuanza na 5 na kupandisha hadi mpira uanze kuharibika, kisha urudi hatua mbili nyuma.

Neno "kweli" lina uzito hapo. Boksi la runinga huandikwa 200 au hata zaidi karibu na neno la mwendo, lakini tarakimu hizo ni za matangazo ya biashara. Runinga nyingi za bei ya kawaida za inchi 32 hadi 43 zina kioo cha 50 au 60 tu. Zikipokea picha 50 na kuonyesha picha 50, hakuna nafasi iliyobaki ya kuingiza picha ya kubuni. Mwenye runinga ya namna hiyo asisumbuke na vitelezi. Azime kipengele chote, ahakikishe king'amuzi kiko kwenye 50, na hapo atakuwa ameshapata mwendo mzuri kuliko jirani mwenye runinga ghali iliyoachwa kama ilivyotoka dukani.

Ukungu kidogo utabaki, na chanzo chake si ubovu. Kioo cha LCD kinashikilia kila picha kwa muda wote wa sehemu ya hamsini ya sekunde, ilhali jicho la mtazamaji linaendelea kusogea na mchezo. Picha inasimama, jicho linatembea, na matokeo yake ni mchirizo. Baadhi ya runinga zinajaribu kuuondoa kwa kuzima mwanga kidogo kati ya picha na picha, chini ya majina kama `LED Clear Motion` au `Clearness`. Mchirizo unapungua kweli. Lakini kwa picha 50 kwa sekunde macho mengi huona mpepeso, hasa kwenye nyasi pana zenye mwanga, na picha nzima hufifia. Kwa mechi ya dakika 90 yenye watu wengi, kuna atakayelalamika kichwa kabla ya mapumziko. Ni afadhali kipengele hicho kibaki kimezimwa.

Mwendo ukishakaa sawa, ndipo rangi zinapewa nafasi. Kuanzia `Sports` ni kuanzia mahali pabaya, maana karibu kila kiwanda kimeijaza vitu vitatu: rangi zilizokolezwa, weupe wa bluu na ukali wa kupita kiasi. Anzia `Standard`, au `Movie` kama sebule imeshakuwa na giza, kisha jaribu kwa jezi ambazo macho ya Watanzania yanazijua bila kufundishwa. Yanga wanavaa kijani na njano, Simba wanavaa nyekundu na nyeupe. Rangi ikizidi, jezi ya kijani ya Yanga inaanza kuungana na uwanja, na mchezaji aliye mbali anabaki kichwa na bukta. Nyekundu ya Simba nayo inakuwa bapa moja lisilo na mikunjo, na namba mgongoni inavimba kingo. Shusha `Colour` hadi mikunjo ya jezi nyekundu irudi na kijani cha shati kitengane na kijani cha nyasi. Kwenye runinga nyingi hapo ni karibu na 50 kati ya 100. Joto la rangi liwe la kati au la kwanza kati ya yale yenye neno `Warm`. Mwanzoni litaonekana la njano kwa aliyezoea bluu, na baada ya dakika kumi jicho linakubali.

`Sharpness` ipimwe kwa mstari wa pembeni mwa uwanja. Mstari mweupe wenye kivuli cheusi kinachoufuata ubavuni ni dalili kwamba ukali umezidi. Uteremshe mpaka kivuli kiondoke. `Noise Reduction` inahitaji subira kidogo: ikiwa juu, nyasi hulainika kamera ikitembea na kurudisha chembe zake kamera ikisimama. Weka `Low` au uzime. `Dynamic Contrast` izimwe bila majadiliano. Uwanja ulio nusu kivuli na nusu jua, jambo la kawaida kwa mechi za saa kumi jioni CCM Kirumba au kwingineko, huifanya ipandishe na kushusha mwanga kila mpira unapovuka mpaka wa kivuli, na mchezaji aliye gizani hupotea kabisa. Mwisho kwenye kundi hili ni ukubwa wa picha. Kama kisanduku cha matokeo pale juu kimekatwa ukingo, runinga inavuta picha. Chagua `Just Scan`, `Screen Fit` au jina linalofanana nalo, na zile nukta nane za mpira zitabaki kama zilivyorushwa.

Sasa turudi kwenye jua. Kipindi cha kwanza, mlango ukiwa wazi, `Backlight` inahitaji kuwa juu, 80 hadi 100 kati ya 100. Funga pazia la upande wa magharibi kwanza, kwa sababu hakuna mpangilio unaoushinda mwale wa jua uliotua kwenye kioo. Saa moja usiku mwanga huohuo unakuwa adui: nyeusi zinageuka kijivu, nyasi zinachoma macho, na kila mmoja anajikuta anakodoa. Mapumziko ndiyo wakati wa kuuteremsha hadi 40 au 50. Dakika 15 zinatosha kabisa, na macho yatakuwa yameshazoea kipindi cha pili kinapoanza.

Wengi hukosea kitelezi. Kwenye runinga nyingi `Brightness` haihusu nguvu ya taa ya nyuma. Inahusu weusi wa nyeusi. Kwenye nyingine, zikiwamo Sony na Samsung za miaka ya karibuni, jina hilohilo ndilo taa yenyewe. Jaribio ni mwamuzi aliyevaa nyeusi. Pandisha kitelezi: kama shati lake linageuka kijivu huku jezi nyeupe hazibadiliki sana, umegusa weusi, kirudishe kilipokuwa. Kama skrini nzima imewaka, hiyo ndiyo taa. Na kama mwanga unajishusha wenyewe giza linapoingia bila mtu kugusa rimoti, kuna kipengele cha kubana umeme chenye jicho dogo chini ya fremu. Huwa kinashusha kupita kiasi. Kizime, ushushe kwa mkono.

Usitazame gizani kabisa. Globu ndogo iliyofichwa nyuma ya runinga, ikimulika ukuta, inapumzisha macho kuliko taa ya dari inayojiona yenyewe kwenye kioo. Ina faida nyingine kwa wakazi wa ufukweni: taa ya dari ikizimwa na mlango ukiwa na wavu, wadudu wa ziwani hupungua kuja kutambaa kwenye eneo la hatari.

Kisha kuna wageni wenyewe. Runinga haiwatendei haki sawa waliokaa katikati na waliokaa pembeni. Vioo vya aina ya VA, vinavyopatikana kwenye runinga nyingi za bei ya kati, vina nyeusi nzuri kwa aliye mbele yake, lakini ukikaa pembeni kabisa rangi zinapauka. Vya IPS huvumilia pembe zaidi, na nyeusi zake hazizami vizuri sebule ikiwa na giza. Kujua unacho kipi, simama karibu na ukuta wa pembeni uangalie jezi nyekundu. Ikigeuka ya waridi, kioo ni VA kwa uwezekano mkubwa. Kwa sebule ya namna hiyo, viti vipangwe kwa kurudi nyuma, safu mbili za watu wanne, badala ya safu moja ndefu ya ukuta kwa ukuta. Umbali wa mita mbili na nusu hadi tatu kwa inchi 43 hauhitaji picha kali kuliko HD, kwani kwa umbali huo jicho zima halitenganishi tena nukta moja na jirani yake. Kwa sababu hiyohiyo, mtu asinunue 4K ya inchi 43 kwa ajili ya mechi za dishi akitarajia kuona mpira vizuri zaidi akiwa kwenye kiti kilekile. Runinga iliyopachikwa juu sana ukutani nayo huwaonea watu wa kioo cha VA, maana wanaitazama kutokea chini. Mezani panatosha.

Sabufa ina mtego wake. Katika nyumba nyingi imechomekwa moja kwa moja kwenye king'amuzi, wakati picha inapita ndani ya runinga na kucheleweshwa na kazi zote zilizotajwa hapo juu. Sauti inafika kwanza. Watu wanasikia "pu!" ya mpira uliopigwa kabla ya mguu kuugusa, na penalti inaharibika kwa hilo kuliko kitu kingine chochote. Dawa ni kuchukua sauti kutoka kwenye runinga, kwa tundu la spika za masikioni au la `ARC`, ili sauti na picha vicheleweshwe pamoja. Kama haiwezekani, vipengele vya mwendo na vya kusafisha picha vikizimwa, pengo hupungua sana. Kelele za banda umiza la jirani zinazotangulia goli ni jambo tofauti: huenda wao wanatazama kwa dishi na ninyi kwa intaneti, na mtandao huchelewa kwa sekunde nyingi. Hakuna kitelezi cha kulitibu hilo zaidi ya kutazama kwa dishi.

Mvua ya jioni inapotoka ziwani ikapiga dishi, picha inavunjika vipande vya mraba na kuganda, sauti inakatika. Miraba haina uhusiano na mpangilio wowote wa picha, na atakayeanza kuchezea menyu wakati huo ataharibu kazi nzuri ya kipindi cha kwanza. Mawimbi yanayotumiwa na madishi madogo hudhoofishwa na matone makubwa ya mvua, na picha hurudi yenyewe mvua ikipungua. Dishi linalokatika hata kwa manyunyu linahitaji fundi wa kulielekeza upya siku yenye jua.

Runinga nyingi huhifadhi mipangilio kwa kila tundu la HDMI peke yake. Kilichopangwa kwenye `HDMI 1` hakihamii `HDMI 2` mtoto akihamisha waya ili acheze gemu, na baada ya umeme kukatika baadhi ya ving'amuzi hurudi kwenye `60Hz` au kwenye chaguo la kujiamulia. Andika tarakimu kwenye karatasi na uibandike nyuma ya king'amuzi: 50Hz, `Backlight` 90 mchana na 45 usiku, `Colour` 50, ukali, mwendo. Siku ya mechi, nusu saa kabla ya mpira kuanza, zipitie zote kwenye chaneli yoyote ya HD inayoonyesha marudio ya mechi, ukianza na menyu ya king'amuzi.